Pointi Tisa za Timu Tatu

Tarehe 8 Oktoba 2011, kipenga cha mwisho kilipolia katika Uwanja wa Mbombela mjini Nelspruit, wachezaji wa Afrika Kusini walianza kushangilia. Walikuwa wametoka sare ya 0-0 na Sierra Leone. Habari za Cairo nazo ziliwafurahisha: Misri, ambayo haikuwa tena na cha kugombea, ilikuwa imeifunga Niger 3-0. Bafana Bafana wakacheza ngoma mbele ya mashabiki wao, wakiamini wamekata tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2012. Furaha hiyo haikudumu. Tiketi ilikuwa ya Niger, timu iliyokuwa imetoka kupigwa mabao matatu, nayo ilikuwa inafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Chama cha soka cha Afrika Kusini kilipeleka malalamiko CAF, kisha kikayaondoa, kwa sababu kanuni ilikuwa wazi na ilikuwa imeandikwa kabla mpira haujapigwa. Kundi hilo linafaa kufunguliwa na kuangaliwa polepole. Lina mechi 12 tu, na ndani yake yamo karibu mambo yote ambayo mtu anapaswa kuyajua ili asome msimamo wa ligi yoyote bila kudanganyika.

Hivi ndivyo kundi lilivyomalizika, ukipanga kwa jicho la kawaida, yaani pointi kwanza kisha tofauti ya mabao:

| Timu | Mechi | Shinda | Sare | Fungwa | Mabao | Tofauti | Pointi |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Afrika Kusini | 6 | 2 | 3 | 1 | 4-2 | +2 | 9 |
| Sierra Leone | 6 | 2 | 3 | 1 | 5-5 | 0 | 9 |
| Niger | 6 | 3 | 0 | 3 | 6-8 | -2 | 9 |
| Misri | 6 | 1 | 2 | 3 | 5-5 | 0 | 5 |

Ukiutazama msimamo huu, Afrika Kusini inaongoza bila ubishi. Tofauti ya mabao hupatikana kwa kutoa mabao uliyofungwa kutoka kwa yale uliyofunga, na wao walifunga manne wakafungwa mawili. Niger ilifungwa mengi kuliko ilivyofunga. Mtu aliyezoea ligi nyingi za Ulaya na Afrika angeweka kalamu chini hapo na kwenda nyumbani.

Lakini CAF haipangi hivyo. Timu zikilingana pointi, kanuni yake inauliza kwanza: hizi zilizolingana, zilipokutana zenyewe kwa zenyewe, ilikuwaje? Matokeo yote waliyoyapata dhidi ya Misri yanawekwa kando, kisha unatengenezwa msimamo mdogo wa timu tatu peke yake. Tuujenge. Afrika Kusini iliifunga Niger 2-0 nyumbani, ikafungwa 2-1 ugenini, na mechi zake mbili na Sierra Leone ziliisha 0-0. Hizo ni pointi tano. Sierra Leone ilipata sare hizo mbili, ikaifunga Niger 1-0 na kufungwa nayo 3-1. Nayo ina pointi tano. Niger ilishinda mechi mbili na kupoteza mbili, yaani pointi sita. Msimamo mdogo unampa Niger nafasi ya kwanza, na hapo hesabu inakoma. Yale mabao matatu ya Cairo, yaliyoshangiliwa Nelspruit, yalikuwa yamefutwa pamoja na mechi nyingine zote za Misri.

Kuna jambo ndani ya kundi hili ambalo wengi waliolijadili hawakulifikia, nalo ndilo linalonifanya niendelee kulirudia. Hebu tuwaache Sierra Leone pembeni, tuseme timu zilizolingana ni mbili tu, Afrika Kusini na Niger. Kila moja ilishinda nyumbani kwake, kwa hiyo wana pointi tatu kila mmoja. Kwa mabao ya mechi hizo mbili, Afrika Kusini ilifunga matatu na Niger mawili. Afrika Kusini ingekuwa juu! Wakiwa wawili, anayeongoza ni Afrika Kusini. Akiingia wa tatu mwenye pointi zile zile, anayeongoza ni Niger, ilhali hakuna bao hata moja lililobadilika kati ya hao wawili.

Na nani alimwingiza wa tatu? Sierra Leone ilifika Nelspruit ikiwa na pointi nane. Pointi ya tisa, iliyowapandisha wakawalingana wenzao, waliipata kwenye sare ile ile ambayo wenyeji waliishangilia. Sare iliwapa Afrika Kusini pointi waliyoihitaji kuifikia Niger, na papo hapo ikamleta mtu wa tatu aliyewanyima faida ya kuifikia. Bao moja tu lingewapa pointi 11 na kumaliza maneno yote.

Ndiyo maana kanuni ya waliokutana ina udhaifu ambao kanuni ya tofauti ya mabao haina. Tofauti ya mabao ni mali ya timu yenyewe: unayo, unaihesabu, haitegemei nani mwingine amelingana na wewe. Matokeo ya waliokutana hubadilika kulingana na idadi ya waliomo kwenye mkwamo, na idadi hiyo inaweza kubadilika dakika ya 90 kwenye uwanja mwingine. Kocha anayetaka kujua kama sare inamtosha hana budi kuandika kwenye karatasi kila namna mechi ya pili inavyoweza kuisha, kisha ajenge msimamo mdogo kwa kila moja. Si kazi ya kufanywa kichwani ukiwa kwenye benchi.

Tusiiache pia hesabu ya pointi zenyewe. Pointi tatu kwa ushindi zilianza kutolewa Uingereza mwaka 1981, na Kombe la Dunia likazifuata mwaka 1994. Kabla ya hapo ushindi ulikuwa na thamani ya pointi mbili. Ukirudisha kanuni hiyo ya zamani kwenye kundi letu, Afrika Kusini na Sierra Leone wanapata saba kila mmoja, na Niger, isiyo na sare hata moja, inapata sita. Inakuwa ya tatu. Kwa hiyo Niger ilifuzu kwa sababu mbili zilizoandikwa na watu mezani: ushindi unalipwa zaidi ya mara mbili ya sare, na waliolingana wanapimwa kwa walivyokutana. Badilisha moja kati ya hizo, na Niger haiendi Gabon na Guinea ya Ikweta.

Je, kanuni ipi ni ya haki? Ligi Kuu ya Uingereza hutanguliza tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Hispania hutanguliza waliokutana. Hoja ya wanaopenda tofauti ya mabao ni kwamba ligi ni safari ndefu, na kila bao dhidi ya kila timu linapaswa kuhesabiwa. Mwaka 2012 Manchester City na Manchester United walimaliza wakiwa na pointi 89 kila mmoja, na City wakachukua ubingwa kwa tofauti ya +64 dhidi ya +56. Hoja ya upande wa pili ni kwamba tofauti ya mabao humpa zawadi aliyeikuta timu dhaifu siku ilipokata tamaa na kuipiga nane. Kwangu mimi, ligi ndefu yenye mechi 30 au zaidi inafaa kupimwa kwa tofauti ya mabao, maana siku moja mbaya ya mpinzani huzama ndani ya wingi wa mechi. Kwenye kundi dogo la mechi tatu, zile nane za siku moja hugeuza kila kitu, na hapo kanuni ya waliokutana ina maana zaidi, ingawa ina mtego wake tuliouona.

Zamani kulikuwa na njia nyingine, ya kugawanya badala ya kutoa: mabao ya kufunga yanagawanywa kwa ya kufungwa. Iliamua ubingwa wa Scotland mwaka 1965. Kilmarnock walikwenda kwa Hearts siku ya mwisho wakihitaji ushindi wa mabao mawili, wakashinda 2-0. Walimaliza na mabao 62 kwa 33, Hearts wakiwa na 90 kwa 49, na pointi zikalingana. Ukigawanya, Kilmarnock wanapata 1.879 na Hearts 1.837. Ukitoa, Hearts wana +41 na Kilmarnock +29. Kugawanya kunampendelea anayelinda lango, kwa sababu bao la kufungwa hupunguza jibu zaidi ya bao la kufunga linavyoliongeza. Uingereza iliiacha njia hiyo mwaka 1976.

Ngazi za kuwatenganisha waliolingana zinaendelea kushuka, na ukishuka sana mpira wenyewe unaisha. Kwenye Kombe la Dunia la 2018 Senegal na Japani walilingana pointi nne, mabao manne ya kufunga na manne ya kufungwa, na walipokutana walitoka 2-2. Kamati ikahesabu kadi. Japani walikuwa na za njano nne, Senegal sita, na Senegal wakarudi nyumbani. Mwaka 2015, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Guinea na Mali walitoka sare ya 1-1 katika kila mechi yao ya kundi, pamoja na ile waliyokutana. Hakukuwa na ngazi iliyobaki ila kura. Ikapigwa mjini Malabo, siku moja baada ya mechi za mwisho, Guinea wakapita na Mali wakaondoka bila kufungwa na mtu yeyote.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja ambalo mtazamaji halioni, nalo ni ratiba. Msimamo una maana pale tu kila timu inapokutana na kila timu mara sawa na wenzake. Kwa timu 16, kama Ligi Kuu ya Tanzania, mzunguko mmoja una raundi 15 za mechi nane, jumla 120. Mizunguko miwili, nyumbani na ugenini, ni mechi 240, na kila timu inacheza 30.

Kupanga raundi hizo kunaonekana rahisi mpaka ujaribu kwa mkono. Chukua ligi ya mtaa yenye timu sita, tuziite kwa namba. Katibu anaona kwamba timu 1, 2 na 3 zinatoka upande mmoja wa barabara, 4, 5 na 6 upande wa pili, basi anaanza kwa kukutanisha pande hizo. Jumamosi ya kwanza: 1 na 4, 2 na 5, 3 na 6. Ya pili: 1 na 5, 2 na 6, 3 na 4. Ya tatu: 1 na 6, 2 na 4, 3 na 5. Mpaka hapo kila kitu kinapendeza, na zimebaki mechi sita tu, yaani Jumamosi mbili. Anapotaka kuipanga ya nne, anakwama. Waliobaki kukutana ni 1, 2 na 3 wao kwa wao, na 4, 5 na 6 wao kwa wao. Katika watu watatu huwezi kupata jozi mbili. Wawili wakicheza, mmoja anakaa. Kila Jumamosi itakuwa na mechi mbili badala ya tatu, na ligi itakula Jumamosi sita badala ya tano. Kosa halikuwa Jumamosi ya nne. Lilifanyika ya kwanza, na halikuonekana.

Njia ya kulikwepa inajulikana tangu karne ya 19. Andika timu kwa safu mbili, moja juu ya nyingine:

```
1 2 3
6 5 4
```

Walioelekeana wanacheza: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Kwa raundi inayofuata, namba 1 haitoki mahali pake, na wengine wote wanasogea hatua moja kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Sita anapanda juu, 3 anashuka chini:

```
1 6 2
5 4 3
```

Sasa ni 1 na 5, 6 na 4, 2 na 3. Ukiendelea hivyo, raundi ya tatu inakuwa 1 na 4, 5 na 3, 6 na 2. Ya nne 1 na 3, 4 na 2, 5 na 6. Ya tano 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5. Ukisogeza mara nyingine unarudi ulikoanza. Jozi zote 15 zimetumika na hakuna iliyojirudia. Kama timu ni saba, unaongeza ya nane inayoitwa Pumziko, na anayeelekeana nayo hachezi wiki hiyo.

Kwenye nyumbani na ugenini kuna ukuta ambao hakuna mpangaji anayeweza kuuvunja. Kila klabu ingependa kupishanisha: wiki hii nyumbani, wiki ijayo ugenini, mpaka mwisho. Haiwezekani kwa wote. Timu mbili zikianza zote nyumbani na kupishanisha bila kukosea, kila wiki zitakuwa zote nyumbani au zote safarini, na hivyo hazitakutana kamwe. Kwa hiyo ni timu mbili tu zinazoweza kupishanisha mzunguko mzima, moja ikianzia nyumbani na nyingine ugenini. Katika ligi ya timu 16, nyingine 14 ni lazima, angalau mara moja katika kila mzunguko, zicheze nyumbani mara mbili mfululizo au zisafiri mara mbili mfululizo. Shabiki anayeona timu yake imepangiwa safari mbili zinazofuatana hudhani imeonewa, wakati hesabu yenyewe ndiyo iliyodai hivyo. Timu zinazoshiriki uwanja mmoja, kama Simba na Yanga walivyoutumia Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa miaka mingi, ndizo zinazofaa sana kupewa mipangilio hiyo inayokinzana, mmoja akiwa nyumbani mwenzake akiwa nje.

Kisha ratiba nzuri inakutana na mvua, msiba, na mechi za kimataifa, na viporo vinaanza. Hapo msimamo unaanza kudanganya. Tuseme timu moja ina pointi 40 kwa mechi 18, nyingine ina 36 kwa mechi 16. Ya kwanza inaongoza kwa macho. Lakini hesabu pointi zilizodondoshwa. Mechi 18 zina pointi 54, kwa hiyo ya kwanza imedondosha 14. Mechi 16 zina 48, na ya pili imedondosha 12. Ikishinda viporo vyake inafika 42 na kuongoza. Pointi zilizodondoshwa hazirudi, ilhali pointi za kiporo bado ni ahadi tu, na mechi mbili zilizobanwa kati ya safari za Afrika huwa ngumu kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi. Msimamo wenye viporo unapaswa kusomwa kwa safu zote mbili.

Kiporo kina madhara makubwa zaidi kinapofika hadi mwisho wa msimu, kwa sababu anayecheza baadaye anajua anachohitaji. Dunia ilijifunza hilo mjini Gijón, Hispania, tarehe 25 Juni 1982. Algeria, iliyokuwa imewafunga Ujerumani Magharibi 2-1, ilimaliza mechi zake jana yake. Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua kwamba ushindi mdogo wa Wajerumani unawapitisha wote wawili na kuitoa Algeria kwa tofauti ya mabao. Wajerumani walifunga mapema, na muda wote uliobaki mpira ukawa wa kupasiana bila nia ya kushambulia. Mechi iliisha 1-0. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na malalamiko ya Waalgeria yalikataliwa. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huanza kwa wakati mmoja.

Ligi ya mtaa yenye uwanja mmoja haiwezi kuanzisha mechi tatu saa kumi jioni kwa pamoja. Lakini raundi za ile njia ya safu mbili zinaweza kupangwa kwa mfuatano wowote. Ya pili ikichezwa mwisho hakuna jozi inayoharibika. Kamati inaweza kupiga kura, mbele ya viongozi wa timu zote na kabla ya mechi ya kwanza, kuamua raundi ipi itakuwa ya mwisho na nani atacheza saa ngapi siku hiyo. Siku hiyo hiyo isomwe kanuni ya waliolingana, ngazi kwa ngazi, na iseme waziwazi itakuwaje timu tatu zikilingana: kama msimamo mdogo utajengwa upya baada ya mmoja kutengwa, au waliobaki wawili wataendelea na ngazi inayofuata. Katika kundi la Niger swali hilo lilihusu nafasi ya pili tu. Anayejenga upya anaondoa mechi za Niger na kukuta sare mbili za 0-0 kati ya Afrika Kusini na Sierra Leone, kisha anakwenda kwenye mabao ya kundi zima. Asiyejenga upya anatumia mabao ya msimamo mdogo, 3-2 kwa 2-3. Safari hii njia zote mbili zinamweka Afrika Kusini juu ya Sierra Leone, lakini si kila kundi litatoa jibu moja kwa njia zote mbili.